Bei zilivuka mpaka: Gavana aliwajibika kwa lipi?

Kuanzia Juni 2022 hadi Juni 2023, mfumuko wa bei nchini Kenya haukurudi chini ya asilimia 7.5 hata kwa mwezi mmoja. Lengo ambalo serikali imeiwekea Benki Kuu ni asilimia 5, na inaruhusiwa kupishana nalo kwa pointi 2.5 kwenda juu au chini. Robo mbili za mwisho za 2022 zilipita zote nje ya mpaka huo, kilele kikiwa asilimia 9.6 mwezi Oktoba, na robo mbili zilizofuata nazo zikawa hivyo hivyo.

Nchini Uingereza, jambo kama hilo humlazimu gavana kumwandikia Waziri wa Fedha barua ya wazi. Huko lengo ni asilimia 2, na barua hutakiwa mfumuko ukiliacha kwa zaidi ya pointi moja. Kenya ina njia yake. Sheria ya Benki Kuu inaitaka Benki imkabidhi Waziri, angalau kila baada ya miezi sita, Taarifa ya Sera ya Fedha inayoeleza ilichokusudia, ilichofanya na sababu zake, naye Waziri huiwasilisha katika Bunge la Taifa. Hiyo ndiyo barua ya Gavana kwa wabunge, wakiwemo wa Migori na Homa Bay, ambao wapiga kura wao hukutana na mfumuko huo kwenye gorogoro la mahindi na kwenye lita ya petroli ya boti.

Utetezi wa Benki ulisimama juu ya hesabu inayofaa kufuatwa polepole. Katika kapu la bidhaa ambalo Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, hulitumia kupima bei, chakula na vinywaji visivyo na kileo vina uzito wa karibu asilimia 33. Oktoba 2022 kundi hilo lilikuwa limepanda kwa asilimia 15.8 kwa mwaka. Ukizidisha, unapata pointi 5.2 hivi kati ya zile 9.6. Yaani zaidi ya nusu ya mfumuko wote ilitoka sokoni, kwenye unga, mafuta ya kupikia, maziwa na mboga. Ukiondoa chakula na kawi, mfumuko uliobaki ulikuwa chini ya asilimia 5. Kwa lugha ya Benki, hapakuwa na pesa nyingi mno zinazozifukuza bidhaa. Bidhaa zenyewe ndizo zilizoadimika au kupanda gharama.

Sababu zilijulikana. Mvua zilikuwa zimekosekana msimu baada ya msimu kaskazini na mashariki mwa nchi. Vita vya Ukraine, vilivyoanza Februari 2022, vilipandisha ngano, mbolea na mafuta duniani. Migori na Homa Bay hazikukauka kama Turkana au Garissa, lakini mahindi hayafungiwi ndani ya kaunti. Mfanyabiashara anayepata bei nzuri Nairobi hawezi kumwuzia mama wa Rongo kwa bei ya chini, na mzigo unaovuka mpaka wa Isebania kutoka Tanzania hufuata soko linalolipa.

Hapo ndipo wastani wa taifa unapoficha jambo. Ikiwa chakula kilichangia pointi 5.2, vitu vingine vyote kwa pamoja vilipanda kwa asilimia 6.6 hivi. Sasa chukua familia ya Rongo ambayo kati ya kila shilingi 100 inazotumia, 60 huishia kwenye chakula. Kwa bei zile zile za taifa, gharama yake ya maisha ilipanda kwa takriban asilimia 12, si 9.6. Mbunge akisoma asilimia 9.6 ndani ya taarifa huku wananchi wakimwambia hali ni mbaya zaidi ya hapo, hakuna upande unaodanganya. Kapu la taifa limechanganya familia hiyo na mpangaji wa Nairobi ambaye pesa zake huenda kwenye kodi ya nyumba na karo.

Sababu nyingine ilitokana na uamuzi wa serikali yenyewe. Katikati ya Septemba 2022 ruzuku ya petroli iliondolewa, na bei ya juu iliyotangazwa na mamlaka ya kawi, EPRA, kwa Nairobi ikapanda kwa usiku mmoja kutoka Sh159.12 hadi Sh179.30 kwa lita. Dizeli ilitoka Sh140 hadi Sh165, na mafuta taa yakaongezeka kwa Sh20. Mfumuko ukaruka kutoka asilimia 8.5 Agosti hadi 9.2 Septemba. Boti inayochoma lita 20 kwa safari moja kutoka Muhuru Bay ililipa zaidi ya Sh400 za ziada kabla ya wavu kugusa maji. Wavuvi wa omena waliokuwa bado wanawasha karabai waliguswa na mafuta taa, na lori linalopeleka omena Kisumu au Nairobi likaguswa na dizeli. Ongezeko hilo halihesabiwi mara moja tu. Huingia katika nauli, kisha katika bei ya samaki, kisha katika bei ya sahani hotelini.

Basi kwa nini Benki ilipandisha riba, kama riba hainyeshi mvua wala haishushi bei ya pipa la mafuta? Kati ya Mei 2022 na Machi 2023, chini ya Gavana Patrick Njoroge, riba ya msingi ilitoka asilimia 7 hadi 9.5. Kamau Thugge alipoingia Juni 2023 akaifikisha 10.5. Jibu la kwanza ni kuzuia mawimbi ya pili: wenye matatu, wenye nyumba na waajiri wakianza kupanga bei kwa kuamini kwamba asilimia 9 ndiyo hali ya kawaida, mfumuko hujilisha wenyewe hata mvua ikirudi. Jibu la pili ni kuilinda shilingi. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilinunuliwa kwa Sh113 hivi, na kufikia Juni 2023 ilikuwa Sh140. Mafuta na mbolea hulipiwa kwa dola, kwa hiyo hata bei ya dunia ingesimama palepale, Mkenya angelipa zaidi.

Silaha hii ya riba ina upungufu unaoonekana wazi kando ya ziwa. Riba ya msingi humfikia mtu kupitia mkopo wa benki. Mvuvi wa Mbita aliyenunua injini kwa mkopo wa chama hulipa kiwango walichokubaliana wanachama, na Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, ilibaki kwenye asilimia 8 kwa mwaka wakati riba ya Benki Kuu ikipanda. Anayebanwa haraka ni mwenye duka la jumla mjini Migori anayeagiza bidhaa kwa mkopo wa benki, naye huihamishia gharama hiyo kwenye bei kabla ya kupunguza biashara.

Julai 2023 mfumuko ulishuka hadi asilimia 7.3. Mvua za Machi hadi Mei zilisaidia, na hesabu pia ilisaidia: kipimo hulinganisha mwezi na mwezi kama huo wa mwaka uliotangulia, na mwaka uliotangulia bei zilikuwa tayari juu. Ilikuwa kasi ya kupanda iliyopungua. Bei zenyewe kwa jumla hazikurudi zilikokuwa.

Kwa hiyo mbunge anayepokea taarifa ya aina hii ana maswali matatu ya kuuliza. Ni pointi ngapi zimetoka kwenye chakula na kawi? Ni ngapi zimetokana na kodi na ruzuku, ambazo ni uamuzi wa Hazina ya Kitaifa na wa Bunge lenyewe? Na zilizobaki, zinapanda au zinashuka? Gavana awajibishwe kikamilifu kwa hizo za mwisho na kwa thamani ya shilingi. Zile za katikati, mbunge aliyepitisha bajeti na ushuru aende kuzieleza mwenyewe Awendo na Sindo.