Nchelenge: Kwa nini mshahara wa mwezi wa kwanza haufiki kamili, na jinsi ya kuuhakiki

Katika fukwe za Ziwa Mweru, watu wengi hupata riziki kwa siku. Aliyevuta nyavu hulipwa kwa samaki walioingia mtumbwini, na aliyebeba mizigo katika soko la Kashikishi huondoka jioni na ujira wake mkononi. Kwa mtu aliyezoea mapato ya namna hiyo, wakiwemo waliovuka kutoka upande wa Kongo, ajira ya mwezi huja na fumbo lake. Ameahidiwa kiasi fulani, lakini mwisho wa mwezi wa kwanza anapokea pungufu.

Upungufu wenyewe si lazima uwe dhuluma. Anayeanza kazi katikati ya mwezi hulipwa sehemu tu ya mshahara, inayolingana na siku alizokuwa kazini. Swali la msingi ni jinsi sehemu hiyo inavyopatikana, kwa sababu njia ni zaidi ya moja na hazitoi jibu moja.

Chukua mfano wa mfanyakazi wa duka la nyavu na vifaa vya uvuvi. Mkataba wake unasema mshahara wa msingi ni kwacha 3,900 kwa mwezi, kazi ni Jumatatu hadi Jumamosi, na ajira inaanza Jumatano, tarehe 9 Julai 2025. Ili hesabu iwe nyepesi, posho zimewekwa kando.

Njia ya kwanza ni ya siku za kalenda. Julai ina siku 31, na kuanzia tarehe 9 hadi 31, tarehe zote mbili zikihesabiwa, ni siku 23. Mshahara unagawanywa kwa 31, kisha unazidishwa kwa 23, na jibu ni kwacha 2,893.55. Hapa Jumapili zinahesabiwa katika pande zote mbili za hesabu, yaani katika siku za mwezi mzima na katika siku za mfanyakazi.

Njia ya pili ni ya siku za kazi. Julai 2025 ilikuwa na siku 27 za Jumatatu hadi Jumamosi, na 20 kati ya hizo ziliangukia tarehe 9 na kuendelea. Mshahara ukigawanywa kwa 27 na kuzidishwa kwa 20, jibu ni kwacha 2,888.89. Tofauti na njia ya kwanza haifiki hata kwacha tano.

Njia ya tatu hutumia namba isiyobadilika, nayo ni 26. Namba hii ina asili yake: mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki, katika wiki 52, hufikisha siku 312 kwa mwaka, na 312 zikigawanywa kwa miezi 12 hubaki 26. Sheria ya Ajira ya Zambia ya mwaka 2019 inaitumia namba hiyo katika jedwali lake la malipo ya likizo. Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya likizo, lakini mhasibu anaweza kuiazima kwa mwezi wa kwanza pia. Kwa mfanyakazi wa mfano huu, kila siku inakuwa na thamani ya kwacha 150, na siku 20 zinampa kwacha 3,000.

Njia zote tatu zinaweza kutetewa, ilimradi mwajiri azitumie kwa wafanyakazi wote bila upendeleo. Kosa linaloumiza ni kuzichanganya. Mwenye duka anaweza kugawanya mshahara kwa siku 31 za kalenda, halafu akahesabu siku 20 tu za kazi. Jibu linakuwa kwacha 2,516.13. Jumapili zimetumika kupunguza thamani ya kila siku, lakini hazikulipwa. Mfanyakazi amepoteza zaidi ya kwacha 370 ikilinganishwa na hesabu sahihi ya kalenda.

Dalili ya kosa hili hujitokeza kwa jaribio jepesi. Muulize mhasibu: kwa hesabu hiyohiyo, mtu aliyekuwa kazini tangu tarehe mosi hadi mwisho wa mwezi angelipwa kiasi gani? Kwa hesabu iliyochanganywa, angepata siku 27 kati ya 31, yaani kwacha 3,396.77, ilhali ameahidiwa 3,900. Hesabu inayomnyima mshahara kamili mtu aliyefanya kazi mwezi mzima ina kasoro.

Hata namba 26 ina mtego wake. Kwa kuwa Julai ile ilikuwa na siku 27 za kazi, mhasibu anayejumlisha siku zilizofanyiwa kazi hupata kwacha 3,000, lakini anayeanza na mshahara mzima na kukata siku saba zilizopita kabla ya ajira hupata 2,850. Namba ya kugawia ni ileile, siku ni zilezile, na bado kuna tofauti ya kwacha 150. Katika mwezi mfupi mambo hugeuka. Februari 2026 ina siku 24 za kazi. Anayeanza Jumanne ya tarehe 3, akiwa amekosa siku moja tu ya kazi, atapata kwacha 3,450 kwa kujumlisha, lakini 3,750 kwa kukata. Kwa hiyo haitoshi kuambiwa kwamba duka linatumia 26. Ni lazima kujua kama linajumlisha au linakata.

Jambo jingine ni tarehe ya kuanza. Tarehe 7 na 8 Julai 2025 zilikuwa Sikukuu ya Mashujaa na Sikukuu ya Umoja, ambazo ni mapumziko ya kitaifa nchini Zambia. Mkataba wa mfano huu ulianza tarehe 9, hivyo siku hizo hazimhusu. Lakini kama mkataba ungetaja tarehe 7, na duka likafunguliwa tarehe 9 kwa sababu ya mapumziko, siku hizo mbili zingeingia katika malipo. Kwa thamani ya kwacha 150 kwa siku, hizo ni kwacha 300. Ndiyo maana tarehe iliyoandikwa katika mkataba ni muhimu kuliko kumbukumbu ya siku mtu alipoanza kushika ufunguo wa duka.

Baada ya hapo huja makato. Mfanyakazi huchangia asilimia 5 ya mapato yake katika mfuko wa pensheni wa taifa, NAPSA, na asilimia 1 ya mshahara wa msingi katika bima ya afya ya taifa, NHIMA. Makato haya hufuata kiasi kilicholipwa mwezi huo, si kile kilichoahidiwa. Kwa kwacha 3,000, NAPSA ni 150 na NHIMA ni 30, na mfanyakazi anabaki na 2,820. Kodi ya mapato haimgusi, kwa kuwa mwaka 2025 kwacha 5,100 za kwanza kwa mwezi hazitozwi. Hati ya mshahara ikionyesha NAPSA ya 195 na NHIMA ya 39, maana yake makato yamepigwa juu ya kwacha 3,900 ambazo hakulipwa, na kwacha 54 zimekatwa bila haki.

Anayetaka kuhakiki malipo yake anahitaji mambo matatu: tarehe ya kuanza iliyo katika mkataba, namba iliyogawanya mshahara, na idadi ya siku zilizozidishwa. Kama namba mbili za mwisho hazikuhesabiwa kwa siku za aina moja, anayo sababu ya kurudi kwa mhasibu.