Machungwa Saba Yasiyomo Kwenye Kopo

Mnunuzi anayetafuta unga wa mlonge katika maduka ya Makindye jijini Kampala, iwe Kabalagala, Nsambya au kando ya barabara ya Salaama, hukutana na hesabu ambayo wauzaji wa dunia nzima wameikariri: vitamini C mara saba ya chungwa, vitamini A mara nne ya karoti, kalsiamu mara nne ya maziwa. Hesabu yenyewe ina chanzo chake. Tatizo ni kwamba inahusu jani bichi, nayo imebandikwa kwenye kopo la unga.

Aliyeitawanya zaidi ni Lowell Fuglie, aliyekuwa akifanya kazi Senegali na shirika la Church World Service. Katika miaka ya 1990 alihimiza unga wa mlonge uongezwe kwenye chakula cha kina mama na watoto wenye utapiamlo. Jedwali lake linasema gramu 100 za majani mabichi zina miligramu 220 za vitamini C, na chungwa linapewa 30. Hapo ndipo saba ilipozaliwa. Lakini jedwali hilohilo lina safu ya pili, ya unga mkavu, na huko vitamini C imeandikwa miligramu 17 na kidogo. Yaani unga umeshindwa na chungwa hata kabla ya kufika sufuriani.

Hasara hiyo huonekana vizuri zaidi ukifuata maji. Jani bichi la mlonge ni maji kwa kiasi cha robo tatu hivi au zaidi, kwa hiyo gramu 100 za unga hutokana na gramu 400 za majani. Kama kila kitu kingebaki, unga ungekuwa na vitamini C miligramu 880. Zimebaki 17, sawa na asilimia mbili. Vitamini A, ambayo kwenye jani ipo kama karotini, hubaki kwa takriban theluthi mbili. Kalsiamu na protini hazina pa kwenda: joto la kukaushia haliziondoi, na maji yakipungua zenyewe hukolea. Unga ni chakula kizuri, ila ni chakula kingine, tofauti na kile kilichoandikwa kwenye lebo.

Kwa mtu anayetaka kuufanya biashara, swali basi ni namna ya kuiokoa ile karotini, na adui wa kwanza ni jua. Wengi hutandaza majani kwenye turubai uani kama mihogo. Kufikia jioni yamekauka kweli, lakini mwanga mkali umeshaivunjavunja karotini na kijani kimegeuka rangi ya nyasi kavu. Ndiyo maana miongozo ya wasindikaji husisitiza kivuli: majani yapukutwe kutoka kwenye vikonyo, yaoshwe, yachuruzishwe maji, kisha yatandazwe juu ya nyavu ndani ya chumba chenye upepo, kilo moja kwa kila mita ya mraba, na kugeuzwa mara kwa mara. Siku nne ndizo mwisho. Yakizidi hapo bila kukauka, ukungu huwa umeshapata makao.

Na hapa Makindye ina shida ya unyevu wa hewa, ambayo Masindi haina sana. Kutoka soko la Ggaba unaliona ziwa limelala miguuni pako. Mvua huja kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na hata katikati ya misimu hiyo hewa ya asubuhi huwa nzito. Jani lililoachwa chumbani hukauka hadi lilingane na hewa iliyolizunguka, basi. Haliendi mbele ya hapo hata likikaa wiki. Katika wiki za mvua ya Aprili huweza kukwama kwenye unyevu wa asilimia 14 au 15, wakati jani la kusaga linatakiwa lishuke chini ya 10, na unga wenyewe chini ya 8. Hapo lazima joto lisaidie: kikaushio cha jua kilichofunikwa, au kabati la umeme au gesi lisilozidi nyuzi 55. Baadhi ya wasindikaji huurudisha unga kwenye joto la nyuzi 50 kwa nusu saa baada ya kusaga, kwa sababu unga hufyonza unyevu wa hewa hata ukiwa bado mashineni.

Tuseme mtu wa Lukuli amenunua matawi na kupata kilo 10 za majani yaliyopukutwa. Ikiwa asilimia 77 ni maji, mali yake halisi ni kilo 2.3 tu. Akikausha hadi unyevu wa asilimia 7, mzani utasoma karibu kilo 2.47. Akiishia asilimia 13, utasoma 2.64. Tofauti ni gramu 170 za maji, na zitauzwa kwa bei ya unga. Kishawishi kiko hapo, pamoja na kile cha kusaga vikonyo ili kuongeza uzito. Mzani huohuo, hata hivyo, ndio kipimo cha bei nafuu kuliko vyote kwa mwenye nia njema: kilo 10 zikitoa zaidi ya kilo mbili na nusu hivi, maji bado yamo. Majani hutofautiana kidogo kwa umri na msimu, kwa hiyo mikono nayo isaidie. Jani lililokauka hulia likibanwa na kuvunjika vipande vikali. Lenye unyevu hunepa kama ngozi. Njia nyingine ni kulifungia kwenye chupa ya kioo usiku kucha. Ukungu wa maji ukionekana ndani ya kioo asubuhi, kazi haijaisha.

Rangi haitoshi kuwa ushahidi. Unga wa kijani kibichi unaweza kuwa umetunzwa kivulini vizuri na bado ukawa na unyevu. Wala kukausha hakuui vijidudu vyote: Oktoba 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilihusisha unga wa mlonge uliotoka India na wagonjwa wa salmonela. Maji ya kuoshea na mikono ya kupukuta vina uzito uleule wa nyuzi za joto.

Kisha unga hufika dukani, na pengine kazi yote ya kivulini huharibikia hapo. Kaveera inayong'aa ikining'inizwa mbele ya kibanda huipa karotini jua lilelile ambalo mkaushaji alilikimbia, tena kwa miezi. Kopo lisilopitisha mwanga, lenye kifuniko cha kubana na lililowekwa mahali pa baridi, huulinda unga kwa miezi sita hivi. Jikoni kosa la kawaida ni kuchota kwa kijiko chenye maji au kufungua kopo juu ya sufuria inayofuka mvuke. Baada ya wiki mbili unga huanza kufanya madonge. Madonge yanayovunjika kwa kidole ni onyo. Yenye harufu ya uvundo ni ya kutupwa.

Kwenye mchuzi wa karanga, kijiko kimoja cha chakula, gramu 8 hivi, huingia wakati sufuria inaepuliwa, si pamoja na vitunguu. Mafuta ya karanga husaidia mwili kuichukua karotini iliyosalia, na ladha chungu hujificha. Kwa ile vitamini C, limau moja likamuliwe mezani.