Hadanganyi, hachelewi, hafichi simu

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anafundisha shule ya msingi Morogoro. Januari ya mwaka jana mchumba wake wa miaka minne alimwacha. Posa ilikuwa imeshapokelewa na sehemu ya mahari imeshalipwa, mara mwanamume akaoa kwingine, wazee wakabaki sebuleni wakibishana kama fedha zirudishwe au zisirudishwe. Wiki tano baadaye akanipigia simu anacheka. Kapata mtu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na Msamvu. Nikamuuliza, yukoje?

"Dada, huyu hadanganyi. Hachelewi. Hafichi simu."

Nilifurahi naye, ila zile "ha" tatu zilinikaa kichwani. Kila sifa aliyompa yule bwana ilikuwa ni kasoro ya mchumba wa zamani iliyogeuzwa ndani nje. Nikamwomba anitajie jambo moja ambalo huyu mtu analo, siyo ambalo hana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ni mstaarabu tu." Msemo huo hata dereva wa daladala humwambia abiria aliyemlipa nauli kamili.

Watu wakiona mapenzi mapya yanakuja upesi hivyo, swali lao la kwanza ni la kalenda: mbona mapema? Mama yake aliuliza hilo, walimu wenzake wakanong'ona hilo. Mimi nadhani kalenda ni kipimo dhaifu. Nicholas Wolfinger, mtafiti wa Marekani, alichapisha mwaka 2007 uchambuzi wa watu waliooa au kuolewa tena baada ya talaka. Hakukuta kwamba ndoa zilizofungwa haraka ndizo zilizovunjika zaidi. Mwaka 2015 Claudia Brumbaugh na Chris Fraley nao wakaandika kwamba waliokuwa na wapenzi wapya baada ya kuachana walijiamini zaidi, na mambo ya mpenzi wa zamani yalikuwa yamewatoka zaidi, kuliko waliobaki peke yao. Matokeo hayo nayapokea kwa tahadhari. Ni ya Wamarekani, na huenda aliyekwisha kupoa ndiye anayepata mpenzi mapema, siyo kwamba mpenzi ndiye anayempoza. Lakini yanatosha kuvunja ile imani kwamba mapenzi ya wiki tano lazima yawe ya uongo.

Hata huku pwani, ambako mwanamke aliyeachwa hukaa eda ya twahara tatu na mjane miezi minne na siku kumi, muda huo haukuwekwa kupima moyo. Unahusu kujulikana kwa mimba na nasaba, na talaka ikiwa ni rejea, kumpa mume nafasi ya kumrudia mkewe. Mtu anaweza kumaliza eda na moyo bado uko kwenye nyumba ya zamani.

Basi tuiache kalenda, tuangalie saa. Nilimwomba mdogo wangu jambo dogo: kwa wiki mbili, kila anapotaka kumpigia yule bwana, aandike nyuma ya daftari lake ni saa ngapi na anataka kumwambia nini. Alinicheka, lakini mwalimu ni mwalimu, akaandika. Karibu simu zote zilikuwa baada ya saa moja jioni. Saa ileile ambayo kwa miaka minne alizoea kuongea na mchumba. Kwenye "nataka kumwambia nini" aliandika mara nyingi neno moja: "basi tu". Usiku mmoja simu ya bwana ilikuwa imezimwa, naye akampigia mwalimu mwenzake wa kiume, wakaongea mpaka saa tano. Akalala vizuri.

Huo usiku mmoja uliniambia mengi kuliko daftari zima. Mtu mwingine alishika nafasi ile, na usingizi ukaja vilevile.

Robert Weiss, mwanasosholojia wa Marekani, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu upweke. Alikuwa amekaa na kundi la wazazi waliobaki peke yao baada ya ndoa kuvunjika, akaona wanapata marafiki, wanacheka, wanasaidiana, na bado wanarudi nyumbani na upweke wao mzimamzima. Akasema upweke ni wa namna mbili. Kuna wa kukosa jamii, unaoponywa na marafiki na majirani. Na kuna wa kumkosa mtu wako mmoja, ambao hata harusi ya watu mia tano hauponyi. Mdogo wangu alikuwa na shule nzima ya watoto na chumba cha walimu chenye kelele. Upweke wa kwanza hakuwa nao. Wa pili ulimsubiri kila jua lilipozama, na ni huo unaomfanya mtu mwenye akili zake kumshika wa kwanza anayepokea simu.

Kinachochanganya ni kwamba kushika huku kunahisika kama mapenzi makali. Mwaka 2010 Helen Fisher na wenzake walichapisha utafiti wa watu 15 waliokuwa wameachwa karibuni na bado wanapenda. Waliwaonyesha picha ya aliyewaacha huku ubongo ukipigwa picha kwa mashine. Zilizowaka ni pamoja na sehemu zinazohusika na hamu kali, zile zinazotajwa pia kwa watumiaji wa kokeini. Vijana wa mtaani wana neno lao: arosto. Aliyeachwa yuko kwenye arosto, na yeyote anayeipunguza atapendeza machoni pake. Lakini nafuu ni nafuu. Inakuambia maumivu yamepungua, haikuambii lolote kuhusu aliyeyapunguza.

Sasa mfungamano wenyewe ukoje? Cindy Hazan na Debra Zeifman, waliofuata nyayo za daktari wa akili wa Uingereza John Bowlby, waliwauliza watu wazima maswali manne ya kawaida kabisa. Unapenda kukaa karibu na nani? Ukiumia unamkimbilia nani? Ukitengana na nani ndipo unakosa raha? Nani unajua yupo, hata ukithubutu jambo gumu? Kwa mtoto mdogo majibu yote manne ni mzazi. Kwa mtu mzima yanahama polepole kwenda kwa mwenzi, na hayahami kwa pamoja: ukaribu hutangulia, kukimbilia wakati wa shida hufuata, na yale mawili ya mwisho huchelewa. Wengi ambao majibu yote yalikuwa yamehamia kwa mwenzi walikuwa wamekaa naye miaka miwili hivi au zaidi.

Kwa hiyo mtu wa wiki tano anayesema amefungamana anasema jambo ambalo bado haliwezekani. Anachoweza kuwa nacho ni mwanzo wake. Swali la haki kwake si "Je, ni mapenzi ya kweli?" bali "Je, kuna kinachohama?" Hilo linaonekana, ukiwa na subira ya miezi kadhaa na macho ya kuangalia mambo madogo.

Kwa mdogo wangu, mpaka mwezi wa nne hakuna kilichohama. Alikuwa hajui yule bwana ana ndugu wangapi. Yule bwana, kwa upande wake, aliijua hadithi ya mchumba wa zamani mwanzo hadi mwisho, pamoja na rangi ya gauni la bi harusi. Jumapili moja mdogo wangu aliweka picha yao wawili kwenye stetasi ya Wasapu, kisha akakaa akifungua kila dakika kutazama nani kaiona. Nikamuuliza anamsubiri nani. Hakujibu, na picha ikafutwa jioni ileile. Ingekuwa amenitaka ushauri siku hiyo, ningemwambia amwache yule kaka wa watu aende zake. Nafurahi hakuuliza.

Mwezi wa tano palitokea kasoro ya fedha za mitihani shuleni, na mwalimu mkuu akamtuhumu mbele ya wenzake. Alitoka nje akapiga simu. Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati upweke wake huwa umelala. Hakumpigia mama wala mimi, alipiga dukani. Bwana akamwambia aandike tarehe na kiasi cha kila risiti kabla hasira hazijamsahaulisha, na kwamba atapita jioni wazikague pamoja. Hesabu ikakaa sawa, kosa likaonekana si lake.

Baadaye bwana akasafiri siku nne kufuata mabati Dodoma. Hapo ndipo nilipoanza kusikia mambo mapya. Mdogo wangu aliniambia amekosa jinsi anavyohesabu chenji kwa sauti, hata akiwa peke yake. Kwamba ana dada watatu na yule wa mwisho ndiye anayemtania. Kwamba ni mbishi wa mpira kiasi cha kuchosha. Zile "ha" zilikuwa zimepungua, na mahali pake kuna mtu mwenye sura, pamoja na kasoro zake. Nikamuuliza kama siku hizo nne alimpigia yule mwalimu mwenzake usiku. "Wa nini?" akasema, kwa mshangao wa kweli.

Sikusema lolote, maana nyumba moja haijengwi kwa mabati ya safari moja. Mchumba wa zamani alikuwa bado na nguvu: mwezi wa nane alituma meseji ya "mambo" saa sita usiku, na mdogo wangu hakulala. Kukosa usingizi hakunishtua, kwani uzi wa miaka minne haukatiki kwa sababu umeshika mwingine. Nilitaka kujua alifanya nini asubuhi. Hakuijibu. Alimwonyesha yule bwana, jambo ambalo mwezi wa tatu angelifanya kumtia wivu, na sasa alilifanya kwa sababu lilikuwa limemsumbua. Tendo ni lilelile. Nia ndiyo iliyohama, na nia aijuaye ni mwenyewe tu.

Kuna mtu wa pili katika habari hizi ambaye kwa kawaida haulizwi. Anayetumiwa kuvusha usiku wa mwingine ana haki ya kujua. Mdogo wangu alilibeba hilo kwa wiki kadhaa, hatimaye akamwambia, dukani, wakiwa wanafunga: mwanzoni nilikuwa nakupigia ili usiku upite.

"Nilijua," bwana akasema. "Ulikuwa hunipigii mchana."

Mwezi wa kumi akamwambia anataka kutuma mshenga. Mdogo wangu akamwomba aulize tena baada ya likizo ya Desemba, mwaka ukishatimia tangu yale ya Januari, aone siku hizo zinampitaje. Bwana hakununa. Alisema Desemba huwa anahesabu mali yote dukani, msumari kwa msumari, na kama mwalimu yuko likizo basi aje na daftari lake.