Jibu Sahihi, Njia Siyo

"Dokta, naomba kuuliza, mbona swali la 1-bromobutani nimekosa alama za hatua, na butanoli nimeipata?"

Mwanafunzi aliandika kwamba bromini huondoka kwanza na kuiacha kaboni ya mwisho na chaji chanya, ndipo OH⁻ ije kuungana nayo. Tatizo ni kwamba kaboni hiyo imeshikana na kaboni moja tu inayoweza kuisogezea elektroni, hivyo kuiacha na chaji kunadai nishati kubwa mno. Kumbe OH⁻ huingia kwa nyuma huku bromini ikitoka mbele, kwa hatua moja. Kasi inathibitisha: ukiongeza OH⁻ maradufu, nayo huongezeka maradufu. Kama bromini ingetangulia kutoka, kasi isingebadilika. Dokta alisahihisha kwa haki.