Kugawa Wasimamizi: Jinsi Orodha ya Ukweli Inavyomlinda Mwanafunzi

Orodha ya wasimamizi wa utafiti ikishabandikwa ubaoni, kipimo chake halisi huja siku chache baadaye. Mwanafunzi aliyepangiwa mwalimu mmoja hubisha hodi kwa mwingine. “Shikamoo, Dokta. Nilikuwa naomba, kama inawezekana, nihamie kwako.” Mwalimu akijibu kwamba nafasi zake zimejaa na waliomo anawapenda zaidi, mambo yanaishia hapo. Lakini akisema, “Marahaba. Hata mimi nilikuwa nakutaka wewe kuliko niliyepewa,” mpango wa idara umeshavunjika. Wawili hawa wana sababu ya kuupuuza, na atakayeachwa kwa ajili yao atalazimika kuanza kubisha hodi kwingine.

Mpango ambao hauna jozi ya namna hiyo hata moja huitwa mpango thabiti. Hauahidi kwamba kila mtu atapata chaguo lake la kwanza, maana walimu watatu wakigombewa na wote hilo haliwezekani. Unaahidi jambo dogo zaidi, ila la kutegemewa: kila msimamizi uliyemtaka kuliko uliyepewa, nafasi zake zimejaa watu aliowaweka juu yako. Mwaka 1962 wanahisabati wawili wa Marekani, David Gale na Lloyd Shapley, walithibitisha kwamba mpango kama huo upo siku zote, iwe watu wamepanga orodha zao vipi, na wakaonyesha njia ya kuupata. Njia yenyewe haihitaji hesabu. Mtu anaweza kuifuata kwa kalamu na karatasi.

Tuchukue mfano mdogo wa kubuni. Idara ya kilimo ina wasimamizi watatu, tuwaite kwa fani zao: Maji mwenye nafasi mbili, Udongo mwenye nafasi moja, na Mbegu mwenye nafasi moja. Wanafunzi ni wanne. Asha na Baraka wote wanataka Maji kwanza, kisha Udongo, kisha Mbegu. Chiku anataka Maji, kisha Mbegu, kisha Udongo. Daudi anataka Udongo, kisha Mbegu, kisha Maji. Wasimamizi nao wamewapanga wanafunzi baada ya kuangalia alama na mapendekezo ya utafiti. Maji anamweka Chiku juu, akifuatiwa na Asha, Baraka na Daudi. Udongo anaanza na Asha, kisha Baraka, Daudi, Chiku. Mbegu anaanza na Daudi, kisha Baraka, Chiku, Asha.

Idara nyingi zingeanza kwa kujaza machaguo ya kwanza. Watatu wanaomba Maji. Anawachukua Chiku na Asha, Baraka anakosa. Daudi anaomba Udongo peke yake, anapewa, na jina lake linaandikwa kwa wino. Baraka anageukia chaguo lake la pili, Udongo, na kukuta mlango umefungwa. Anaishia kwa Mbegu. Kwenye ripoti matokeo haya yanapendeza, kwani wanafunzi watatu kati ya wanne wamepata chaguo la kwanza. Sasa angalia orodha ya Udongo: Baraka yuko juu ya Daudi. Baraka anamtaka Udongo kuliko Mbegu, na Udongo anamtaka Baraka kuliko Daudi. Hiyo ndiyo jozi itakayokutana ofisini wiki ijayo.

Lipo na tatizo lingine, ambalo kwangu ni zito zaidi. Baraka aliponzwa na ukweli wake. Angedanganya na kumwandika Udongo chaguo la kwanza, angeshindana na Daudi tangu mwanzo na kumshinda. Wanafunzi hulijua hili haraka, na wa mwaka wa juu huwafundisha wa chini: usimwandike kwanza unayemtaka, mwandike unayeweza kumpata. Tangu hapo karatasi za machaguo hazimwambii mkuu wa idara nani anamtaka nani. Zinamwambia tu nani anamwogopa nani. Anayeumia ni mwanafunzi asiye na mtu wa kumpa siri hiyo.

Njia ya Gale na Shapley inabadilisha kitu kimoja tu. Msimamizi anayepokea ombi hathibitishi, anamshikilia mwombaji kwa muda. Turudie mfano. Raundi ya kwanza ni ileile: Maji anawashikilia Chiku na Asha na kumkataa Baraka, na Udongo anamshikilia Daudi. Raundi ya pili, Baraka anaomba kwa Udongo. Nafasi ni moja na ina mtu, lakini mtu huyo hajathibitishwa. Udongo anaangalia orodha yake, anamkuta Baraka juu ya Daudi, anamshikilia Baraka na kumwachia Daudi. Raundi ya tatu, Daudi anashuka kwenye chaguo lake la pili, Mbegu, ambaye bado hana mtu. Hakuna aliyebaki bila nafasi, basi hapo ndipo wote wanathibitishwa kwa pamoja: Chiku na Asha kwa Maji, Baraka kwa Udongo, Daudi kwa Mbegu.

Safari hii wawili tu wamepata chaguo la kwanza, na mkuu wa idara anayehesabu machaguo ya kwanza ataona ameshuka. Lakini jaribu kuuvunja mpango. Baraka angependa Maji, ila Maji anao Chiku na Asha, wote juu ya Baraka. Daudi angependa Udongo, ila Udongo anaye Baraka, aliye juu ya Daudi. Hakuna pengine pa kubisha hodi.

Sababu ya njia hii kufanya kazi iko kwenye mienendo miwili inayokwenda kinyume. Mwanafunzi anapokataliwa hushuka tu kwenye orodha yake. Msimamizi aliyejaza nafasi zake hupanda tu, kwa sababu humwachia mtu pale anapokuja aliye bora kwake. Kwa hiyo aliyekukataa raundi ya kwanza hawezi kukujutia raundi ya kumi, maana walioko mkononi mwake wakati huo si wa chini kuliko wale waliokushinda. Na kazi lazima iishe, kwani hakuna anayeomba mahali pamoja mara mbili. Wanafunzi 60 wenye machaguo matano kila mmoja hawawezi kupeleka maombi zaidi ya 300. Kukagua mpango wowote, hata uliopangwa kwa njia nyingine, ni rahisi vilevile. Chukua kila mwanafunzi, tazama wasimamizi aliowaweka juu ya yule aliyepewa, na kwa kila mmoja uliza: je, ana nafasi tupu, au ana mtu aliyempanga chini ya mwanafunzi huyu? Jibu likiwa ndiyo hata mara moja, umeishika jozi inayovunja mpango.

Kwamba mipango isiyo thabiti huvunjika kweli ilionekana Uingereza. Miji ya Birmingham na Newcastle iliwapangia madaktari wapya hospitali kwa kanuni iliyotanguliza jozi zilizowekana juu kabisa kwenye orodha za pande zote mbili. Madaktari na hospitali wakaanza kukubaliana pembeni kabla ya kujaza fomu, kisha kila upande ukamwandika mwenzake wa kwanza. Miji yote miwili iliiacha kanuni hiyo. Edinburgh na Cardiff, zilizotumia njia za kutoa mpango thabiti, ziliendelea nazo. Mchumi Alvin Roth ndiye aliyeyachambua hayo, na mwaka 2012 yeye na Shapley walipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi.

Upande unaoomba una uzito wake. Chukua mfano mdogo zaidi, wa wasimamizi wawili wenye nafasi moja moja. Asha anataka Maji, Daudi anataka Udongo. Lakini Maji anamtaka Daudi, na Udongo anamtaka Asha. Wanafunzi wakiomba, kila mmoja anapata anachotaka na kazi imekwisha. Wasimamizi wakiomba, Maji anamwita Daudi, Udongo anamwita Asha, nao hawana wito mwingine wa kulinganisha, wanakubali. Mipango yote miwili ni thabiti. Katika ule wa pili Asha na Daudi wangefurahi sana kubadilishana nafasi, lakini kila mmoja akienda kugonga mlango anaoutaka atakuta mwalimu ameridhika na aliye naye. Uthabiti unazuia mwanafunzi na msimamizi kutoroka pamoja. Hauzuii wanafunzi wawili kutamani nafasi za wenzao.

Gale na Shapley walionyesha kwamba wanafunzi wanapoomba wao, kila mwanafunzi hupata msimamizi bora kuliko wote ambao angeweza kuwapata katika mpango wowote thabiti. Mwaka 1982 Roth akathibitisha kwamba katika utaratibu huo mwanafunzi hana faida yoyote ya kudanganya kwenye orodha yake. Akaonyesha pia kwamba hakuna njia ya mpango thabiti inayoweza kuwapa watu wa pande zote mbili kinga hiyo kwa wakati mmoja. Lazima idara iamue imkinge nani. Marekani, ambako madaktari wapya hupangiwa hospitali kwa mfumo wa pamoja tangu mwaka 1952, kwa miaka mingi utaratibu ulielemea upande wa hospitali. Mwaka 1998 waliugeuza ili uanzie kwa waombaji. Kwa wasimamizi na wanafunzi nisingesita: aombe mwanafunzi, maana ndiye mwenye utafiti mmoja wa kufanya, wakati mwalimu atapokea kundi jingine mwakani.

Ugumu hasa huwa kwenye orodha zenyewe. Mwalimu hawezi kuwapanga wanafunzi 60 mmoja mmoja kwa haki. Atawajua kumi vizuri, na waliobaki kwake ni sawa. Hao wa sawa hupangwa kwa kura, na kura hiyo inapaswa kupigwa hadharani kabla maombi hayajaanza, la sivyo itaonekana upendeleo. Kura nayo ina gharama, kwani mwanafunzi anaweza kumkosa msimamizi kwa sababu ya tofauti ambayo msimamizi mwenyewe hakuijali.

Orodha fupi ni tatizo zaidi. Mwanafunzi anayeandika majina mawili tu, akikataliwa na wote, hana pa kwenda, hata kama Mbegu ana nafasi tupu. Mkuu wa idara anaweza kushawishika kuurudia upangaji kwa kuanzia upande wa wasimamizi, akitumaini kwamba waliobaki watapata pa kuingia. Hawatapata. Orodha zikiwa zimepangwa bila wa sawa, wanafunzi wanaokosa nafasi ni walewale katika kila mpango thabiti, na msimamizi aliyebaki na nafasi tupu katika mmoja hubaki na wanafunzi walewale katika yote. Wakikosa watatu, dawa ni kuwarudishia fomu waongeze majina, au kumwomba Maji aongeze nafasi ya tatu, kisha maombi yaanze upya kutoka raundi ya kwanza.