Fahamu: Sera ya matumizi ya kompyuta, simu na kurasa za ofisi

Sera ya matumizi ya vifaa vya ofisi huanza kwa kuorodhesha kila kompyuta, kila laini ya simu na kila ukurasa wa mtandaoni, pamoja na msimamizi wake. Katika chama cha akiba na mikopo mjini Mwingi, kwa mfano, karani anaweza kuwa amefungua ukurasa wa Facebook wa chama kwa namba yake mwenyewe. Akiacha kazi, chama hakina njia rahisi ya kuurudisha. Basi sera iseme wazi kwamba ukurasa ni mali ya chama, umesajiliwa kwa laini ya chama na una wasimamizi wasiopungua wawili.

Simu ndiyo yenye hatari zaidi, kwa kuwa picha za vitambulisho vya wanachama hutumwa kwa WhatsApp zikabaki humo. Sera iagize zihamishiwe kwenye kompyuta ya ofisi siku hiyohiyo, kisha zifutwe. Simu ikipotea, meneja ajulishwe mara moja na laini ifungwe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaipa ofisi saa 72, tangu ijue kuhusu uvujaji unaoweza kuwadhuru wahusika, kumwarifu Kamishna wa Data. Sera inayomtisha karani kwa kumkata mshahara humfanya afiche kupotea kwa simu, na data hubaki mikononi mwa wengine.

Kwa kurasa binafsi, sera ijizuie: mfanyakazi asichapishe habari za wanachama wala kujifanya msemaji wa chama. Mengine ni yake. Kompyuta zikikaguliwa, wafanyakazi waelezwe mapema ni nini kinachoangaliwa, na nani anayeangalia.