Tumbo la Gari Refu

Katika gereji kadhaa za jijini Arusha, Toyota Land Cruiser nzima inaweza kuonekana ikiwa imekatwa vipande viwili. Fundi ameikata chasi nyuma ya milango ya mbele, akavivuta vipande hivyo mbali, na sasa anachomelea vyuma vipya katikati. Gari litakapotoka hapo litakuwa na safu moja zaidi ya viti, kila mgeni atakuwa na dirisha lake, na paa litainuka ili watu wasimame watazame simba. Ndivyo yanavyozaliwa mengi ya magari marefu yanayozunguka Serengeti, Tarangire na Ngorongoro.

Injini ni ileile. Matairi ni yaleyale, na urefu wa gari kutoka ardhini haujabadilika hata kidogo. Lakini siku ya kwanza kwenye korongo, dereva aliyezoea gari fupi hushangaa kusikia chuma kikikwaruza udongo chini ya miguu yake, mahali ambapo gari lake la zamani lilipita bila kelele. Kilichopungua hakionekani kwa macho. Ni pembe.

Gari la porini lina pembe tatu zinazoeleza umbo la ardhi linaloweza kulivuka bila bodi kugusa chini. Ya kwanza ni pembe ya kuingia. Simama ubavuni mwa gari, chukua ubao mrefu ulionyooka, uegemeze kwenye uso wa tairi la mbele, kisha uinue ncha yake ya mbele mpaka iguse sehemu ya chini kabisa ya bampa. Mwinuko wa ubao huo kutoka ardhini ndio pembe ya kuingia. Ukuta wa korongo ulio mkali kuliko hapo utagonga bampa kabla tairi halijaanza kupanda. Ubao ukiwekwa nyuma kwa namna ileile hutoa pembe ya kutoka, ambayo huamua kama mkia wa gari utaburuzika wakati magurudumu ya nyuma bado yako chini ya shimo. Ya tatu ni pembe ya tumbo: ukali wa tuta linaloweza kupita kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma bila kugusa tumbo la gari.

Hapa kuna kosa linalofanywa hata na wenye uzoefu. Gari likiandikwa kuwa pembe yake ya kuingia ni digrii 38, wengi hudhani linapanda mlima wa digrii 38. Sivyo. Kupanda mlima ni suala la nguvu ya injini, gia, uzito na jinsi matairi yanavyoshika. Pembe hizi hupima badiliko la ghafla, pale tambarare inapokutana na ukingo, au pale mpando unapogeuka kuwa mteremko. Mlima mkali unaoanza polepole hauligusi bampa hata la gari dogo la mjini. Ukingo mfupi uliochongwa na maji kama ngazi unaweza kulivunja.

Mbele na nyuma, adui mkubwa ni kile kinachoning'inia. Jeep ya Willys iliyotengenezwa kwa ajili ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa na pembe ya kuingia ya digrii 45 na ya kutoka digrii 35, kwa sababu karibu hakuna chuma kilichotokeza mbele ya magurudumu yake. Magari ya leo yana bampa refu, na wenye magari huongeza vyao: ngao nzito ya chuma, winchi, taa za ukungu. Nyuma huongezwa ndoano ya kuvutia tela, ngazi ya kupandia, au bomba la ekzosi lililoshushwa. Bampa lililo sentimita 75 mbele ya kitovu cha gurudumu na sentimita 50 kutoka ardhini, kwenye tairi lenye kimo cha sentimita 78, hutoa pembe ya digrii 39 hivi. Funga chini yake chuma cha sentimita 15, na pembe hushuka hadi digrii 28. Digrii 11 zimekwenda kwa kifaa kilichonunuliwa ili kulisaidia gari porini.

Pembe ya tumbo ina tabia tofauti, na ndiyo inayoyahusu magari yaliyorefushwa. Inategemea vitu viwili tu vinavyoshindana: kimo cha tumbo kutoka ardhini, na umbali kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na cha nyuma. Kimo huiongeza, umbali huipunguza. Ndiyo maana Suzuki Jimny mpya, ambayo umbali wa magurudumu yake ni milimita 2250 na kimo chake milimita 210 tu, ina pembe ya tumbo ya digrii 28. Land Rover Defender 110 ya sasa ina umbali wa milimita 3022, na ili ipate digrii hizohizo 28 lazima springi zake za hewa ziinuliwe mpaka kimo kifike milimita 291. Gari kubwa la gharama linapanda sentimita nane zaidi ili lilingane na kigari hicho.

Sasa turudi gereji. Land Cruiser 78, ile ndefu yenye mlango wa nyuma ambayo hospitali nyingi za vijijini zimeitumia kubebea wagonjwa, ina umbali wa milimita 2980 kati ya magurudumu. Tuseme fundi amepima tumbo lake katikati, chini ya chuma kilicho chini kuliko vyote, akapata milimita 300. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya kimo kwa nusu ya umbali wa magurudumu, tafuta pembe kwenye kikokotozi cha simu, kisha uzidishe kwa mbili.

`2 × tan⁻¹(300 ÷ 1490) = 22.8`

Gari lile likiongezwa nusu mita katikati, umbali unakuwa milimita 3480, na nusu yake ni 1740. Kimo bado ni 300.

`2 × tan⁻¹(300 ÷ 1740) = 19.6`

Digrii tatu na kidogo zimepotea. (Hesabu hii haitilii maanani mviringo wa tairi, kwa hiyo jibu huwa dogo kwa chini ya digrii moja kuliko hali halisi. Kwa mwenye gari, kosa la upande huo ni salama.) Digrii tatu zinaonekana chache mpaka zikutane na tuta. Chukua tuta lenye kilele kikali ambalo upande mmoja linapanda kwa digrii 11, yaani sentimita 19 kwa kila mita, na upande wa pili linashuka kwa digrii 10. Badiliko pale kileleni ni jumla ya pande zote mbili: digrii 21. Gari la awali linapita. Lililorefushwa linakaa juu ya kilele kwa tumbo, na uzito unahama kutoka kwenye magurudumu kwenda kwenye chasi. Magurudumu yaliyopoteza uzito huzunguka bure, na hapo gari halitoki kwa kukanyaga mafuta. Linahitaji jeki, au koleo la kuchimba tuta chini yake.

Na hilo ni gari tupu. Wapande wageni saba, friji, maji, mafuta ya akiba na matairi mawili ya spea, springi zilale na tumbo lishuke sentimita tatu. Pembe inakuwa digrii 17.6. Mzigo ukiwa nyuma zaidi, mkia nao unashuka na pembe ya kutoka inapungua, huku pua ikiinuka kidogo. Kwa hiyo gari lililopimwa gerejini likiwa halina mtu halijapimwa bado.

Mtu akisoma kijitabu cha gari anaweza pia kupotoshwa na namba ya kimo. Mara nyingi kimo kinachotangazwa hupimwa mahali palipo chini kuliko pote, na kwenye magari yenye ekseli nzima mahali hapo ni chini ya difu. Difu iko katikati ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Ndiyo inayogonga jiwe lililo kati ya njia mbili za matairi, lakini haihusiki na tuta linalopita chini ya tumbo. Kwa pembe ya tumbo, cha kupimwa ni kile kilicho katikati ya urefu wa gari: gia boksi ndogo ya fo-wili, bomba la ekzosi, au vyuma vya kukanyagia pembeni. Mikwaruzo mipya husema ukweli wote. Dereva anayelala chini ya gari lake baada ya safari na kukuta chuma kinachong'aa palipokuwa na kutu, ameonyeshwa mahali pembe yake inapoishia.

Kurudisha digrii zilizopotea kunawezekana. Gari letu la milimita 3480 likitaka digrii 22.8 zake, tumbo linatakiwa kufika milimita 350, yaani kuinuliwa sentimita tano. Springi ndefu zaidi zitaliinua, ingawa difu itabaki palepale. Matairi makubwa huinua vyote viwili, ila huinua kwa nusu tu ya kimo kilichoongezwa: sentimita tano hutaka tairi refu kwa sentimita kumi, nalo huenda likasugua bodi na kuifanya injini ivute kwa taabu. Na kila sentimita inayoongezwa hupandisha kitovu cha uzito wa gari ambalo tayari lina paa la kuinuka na mizigo juu yake. Fundi mwaminifu atamwambia mteja hili kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea.

Barabarani, dereva ana mbinu mbili tu za kweli. Ya kwanza ni mwendo: gari likiingia korongoni kwa kasi, pua huinama na springi za mbele hujikunja, na pembe ya kuingia iliyopimwa gari likiwa limesimama hupungua palepale linapohitaji pembe hiyo. Ya pili ni kuvuka mtaro au tuta kwa mshazari ili gurudumu moja lipande kwanza na badiliko lisiwe la ghafla. Mbinu hiyo haifai penye ukingo mrefu na mkali, kwa sababu gari refu lenye wageni juu huweza kulala ubavu.

Anayenunua au kukodi gari lililorefushwa kwa kazi ya mbugani aende na futi ya kupimia. Wapakie watu na mizigo, pima kimo cha tumbo katikati, pima umbali wa magurudumu, fanya hesabu ile. Likitoa chini ya digrii 18, lipangie njia kavu, na makorongo ya masika liachie gari fupi.